1080p yako inatuchosha, msee

Nitasema na mkasirike: shida ya laivu zenu si laptopu, ni kiburi. Uko hapa Bahati, intaneti inapanda na kushuka vile inataka, halafu unaweka 1080p kwa fremu 60 juu uliona mtu wa majuu akifanya hivyo. Dakika ya kumi chati imejaa "imeganda". Kisha wanakuja wale wa "nunua kompyuta ya pili". Kwa pesa ya nani?

Mimi niliacha chuo, sikuacha hesabu. Nilipima intaneti yangu mara tatu saa mbili usiku, saa ile ile huwa naenda laivu. Niliangalia kasi ya kupakia, si ya kupakua, maana laivu ni kutuma. Nikapata 5.1 Mbps, 4.3, halafu 3.6. Wengi wenu mngeshika ile 5.1. Mimi nilishika 3.6, nikachukua kama asilimia 70 yake, ili mtandao ukiyumba nibaki na nafasi. Hiyo ni 2.5.

Sasa kwenye OBS, ingia Settings, kisha Output, weka Advanced. Rate Control iwe CBR, Bitrate 2500 Kbps, Keyframe Interval 2 s. Kwa Video weka 1280x720, fremu 30. Ukiongeza sauti ya 128 Kbps, saa moja inakula bando ya GB 1.2 hivi.

"Lakini 720p ni ya washamba." Wacha tuhesabu. 1080p kwa fremu 60 ina pikseli mara nne na nusu zaidi kila sekunde. Ukiipa hiyo 2500 ile ile, mtu akikimbia tu kwa gemu picha inageuka viraka. Mshamba ni nani hapo?

Bado inakwama? Usikisie. Fungua Docks, halafu Stats, usome ni namba gani inapanda. Ikiwa ni Dropped Frames (Network), ni mtandao: shusha Bitrate. Ikiwa ni Skipped frames due to encoding lag, prosesa imelemewa kubana video: toa x264, weka QuickSync ya Intel, au NVENC kama una kadi ya NVIDIA. Ikiwa ni Frames missed due to rendering lag, kadi ya picha imebanwa na gemu: ifungie gemu fremu 60, OBS ipate pa kupumulia.

Na hizo ovalei zinazomeremeta! Kila Browser Source ni ukurasa mzima wa wavuti unaokimbia ndani ya OBS. Mimi nilikuwa nazo tano. Nilibakisha moja ya arifa, fremu ya kamera na jina nikaziweka kama picha za PNG. Sini ni tatu tu: kuanza, gemu, mapumziko.

Hakuna mtu amewahi kutoka kwa laivu yangu juu ni 720p. Walikuwa wanatoka ikiganda.