a + b − x SI UJANJA, LAKINI IKO NA SHERIA ZAKE



Katika darasa la mwaka wa mwisho, sekisio ya matematika na fizike, kuko maneno mengi siku hizi juu ya njia moja ya kupiga hesabu ya entegrali. Wamoja wanasema ni njia nzuri, inafupisha kazi. Wengine wanasema ni ujanja tu: mtu anakimbia kutafuta primitivu, basi asipewe ponti zote. Sisi tunataka kusema mawazo yetu wazi. Tunaona ya kwamba njia hii ni hesabu kamili, inastahili ponti zote sawasawa na primitivu. Lakini tunaona vilevile ya kwamba wanafunzi wengi wanaitumia kama dawa ya mganga, bila kuuliza kama inafaa kwa ugonjwa ule. Kwa hiyo pande zote mbili zitusikilize kidogo.

Tukamate mfano ule ambao kila mtu anaujua:

I = ∫ sin x / (sin x + cos x) dx, kutoka 0 mpaka π/2

Mpaka wa chini ni a = 0, mpaka wa juu ni b = π/2. Tunaweka u = a + b − x, ndiyo kusema u = π/2 − x. Hapo mambo mawili yanatokea pamoja. La kwanza, dx inakuwa −du. La pili, mipaka inageuka: x ikiwa 0, u ni π/2, x ikiwa π/2, u ni 0. Tukirudisha mipaka katika mpango wake wa kawaida, alama ya kutoa inatokea mara ya pili, na ile ya kwanza inakufa. Mwanafunzi anayesahau moja ya mambo haya mawili anapata −I pahali pa I, na kazi yote inaharibika.

Sasa sinusi ya π/2 − u ni kosinusi ya u, na kosinusi yake ni sinusi. Basi:

I = ∫ cos u / (cos u + sin u) du, kutoka 0 mpaka π/2

Hapa ndipo wengi wanasimama na kuuliza: « Namna gani mnaandika tena x pahali pa u, na mlisema u si x? » Swali ni la haki. Jibu ni hili: entegrali yenye mipaka ni namba, si fonksio. Herufi ya ndani ni ya kazi tu. Kazi ikiisha, herufi haionekani tena katika jibu. Ukiiita u, ukiiita x, ukiiita t, namba ni ile ile. Lakini fanya angalisho: ukitafuta primitivu bila mipaka, huna ruhusa hii. Kule herufi inabaki katika jibu, na u lazima irudi kuwa π/2 − x.

Tunaandika basi I mara mbili, moja chini ya ingine, na tunajumlisha. Sehemu ya chini ni moja, sehemu ya juu inakuwa sin x + cos x, na vyote vinakatana:

2I = ∫ 1 dx, kutoka 0 mpaka π/2 = π/2

I = π/4

Wale wanaosema ni ujanja, watazame jambo hili kwa macho. Chora grafu ya fonksio hii kutoka 0 mpaka π/2. Inaanza kwa 0, inapanda, inamalizika kwa 1, na katikati, kwa x = π/4, iko 1/2 kabisa. Sasa geuza karatasi yako, kichwa chini. Mstari unaanguka juu ya nafasi yake mwenyewe. Kwa hiyo unakata katika sehemu mbili sawa ule mstatili wenye upana π/2 na urefu 1. Nusu ya π/2 ni π/4. Hakuna kitu kilichofichwa hapo. Njia ya a + b − x ni kugeuza ile karatasi, lakini kwa maandiko ya hesabu.

Tena njia hii inafika pahali ambapo primitivu inachosha. Weka sin³x / (sin³x + cos³x) katika mipaka ile ile. Anayetafuta primitivu atajaza ukurasa. Anayegeuza karatasi anaona ya kwamba jumla ni 1 tena, na jibu ni π/4 tena. Ukiweka 100 pahali pa 3, hakuna kitu kinachobadilika. Ikiwa mwalimu anatoa swali la namna hii na anaomba primitivu, anaomba jasho tu, haombi akili.

Basi tumesema ya kusifu. Sasa tuseme ya kuonya.

Kosa la kwanza tunaloliona katika makaye ni hili: mwanafunzi anaona sin x juu ya sin x + cos x, na mara moja anaandika « jibu ni nusu ya upana », bila kutazama mipaka. Tufanye kutoka 0 mpaka π/3. Yeye anaandika π/6, karibu 0,524. Lakini hapa a + b ni π/3, si π/2. Sinusi ya π/3 − x si kosinusi ya x, na jumla ya vile vipande viwili si 1 tena. Tukipita kwa primitivu, ambayo ni x/2 − (1/2) ln|sin x + cos x|, tunapata karibu 0,368. Tofauti si ndogo.

Namna gani kujua mbele ya kuanza? Kuko kipimo chepesi, hakiombi hata dakika mbili. Kama f(x) na f(a + b − x) zinatoa jumla moja isiyobadilika, basi jumla ya f kwenye mipaka miwili lazima iwe sawa na f ya katikati mara mbili. Kwa 0 na π/3: f(0) ni 0, f(π/3) ni karibu 0,634, jumla 0,634. Katikati ni π/6. F yake ni karibu 0,366, mara mbili 0,732. Hazifanani. Acha njia hii, tafuta ingine. Lakini kutoka π/6 mpaka π/3, jumla ya mipaka ni 0,366 na 0,634, ni 1. Katikati ni π/4, mara mbili ya 1/2 ni 1. Zinafanana, sababu hapa a + b ni π/2. Kipimo hiki kinaweza kukataza, lakini peke yake hakiwezi kuhakikisha. Kikikubali, lazima uandike jumla kwa x yoyote na uone inabaki moja. Ukiiandika, unapata 1, na jibu ni π/12.

Kosa la pili ni baya zaidi, sababu halionekani. Tukamate fonksio ile ile kutoka −π/2 mpaka π. Hapa a + b ni π/2, vizuri. Kipimo kinakubali: f(−π/2) ni 1, f(π) ni 0, jumla 1; katikati ni π/4, mara mbili ya 1/2 ni 1. Jumla kwa x yoyote inaonekana kuwa 1 vilevile. Upana ni 3π/2. Mwanafunzi anaandika kwa furaha: I = 3π/4.

Lakini entegrali hii haiko. Kwa x = −π/4, na tena kwa x = 3π/4, sin x + cos x ni 0, na sehemu ya juu si 0. Upande mmoja wa pahali pale grafu inapanda bila mwisho, upande mwingine inashuka bila mwisho. Hakuna eneo la kupima. Ile I ambayo tunaiandika mara mbili na kujumlisha si namba. Na kitu kisicho namba hakiwezi kugawanywa kwa 2.

Na sasa tunawaomba wale wanaotetea primitivu peke yake wasikie vizuri. Chukueni ile primitivu ya juu, wekeni π, kisha −π/2. Logaritimu inatoa 0 pande zote mbili, inabaki π/2 + π/4, ni 3π/4. Uwongo ule ule! Primitivu nayo imeruka juu ya mashimo mawili bila kuyaona. Basi si kweli kusema ya kwamba primitivu inalinda mtu na a + b − x inamwangusha. Kinacholinda ni kutazama sehemu ya chini mbele ya kuanza, kuona kama haifiki 0 kati ya mipaka. Kutoka 0 mpaka π/2, sinusi na kosinusi haziko chini ya 0, wala haziko 0 pamoja. Kwa hiyo hatuna woga.

Kwa sababu hiyo mawazo yetu ni haya. Mwanafunzi anayetumia a + b − x aandike mistari mitatu: wa kwanza, ya kwamba sehemu ya chini haiko 0 katika mipaka, wa pili, kubadilisha kwenyewe, pamoja na dx na mipaka kugeuka, wa tatu, jumla ya f(x) na f(a + b − x), imeandikwa yote na kufupishwa. Akiandika ile mistari, apewe ponti zote, hata kama hakuna primitivu katika karatasi yake. Asipoandika, na jibu ni la kweli, akatwe ponti, sababu hatujui kama alijua au alibahatisha. Na yule wa primitivu ambaye hakutazama sehemu ya chini, akatwe ponti vilevile. Kipimo kiwe kimoja kwa wote.

Katika Egzamen ya Serikali swali linakuja na majibu ya kuchagua, na hakuna mtu wa kusoma mistari yako. Hapo ni wewe peke yako unayejua kama 3π/4 ni jibu ao ni shimo.

Wanafunzi wa mwaka wa mwisho,
Matematika na Fizike