Mteja akisema mpira unanuka gesi, usimwambie "kaza tu"

Wadau wa biashara ndogo, leo naongea na sisi tunaouza regulata na mipira ya gesi mtandaoni. Mteja akituma meseji "mpira unanuka", wengi tunajibu haraka: "Kaza klipu hiyo, itatulia." Kwangu jibu hilo ni baya. Kukaza kunasaidia mara moja tu, na kama haikusaidia mara hiyo ya kwanza, ujue shida siyo klipu.

Nina mfano. Mimi nipo Kibaha, na mama mmoja wa Kisarawe alichukua kwangu mpira wa mita moja na nusu. Ana mtungi wa kilo 15 na jiko la pleti mbili, anapika chakula cha kuuza. Siku ya pili akaandika: "Mwanangu, mpira wako unanuka gesi. Nimekaza mpaka basi."

Nikamjibu: "Shikamoo mama. Usikaze tena. Funga regulata, fungua mlango na dirisha, usiwashe wala kuzima taa, halafu toka nje ndo unipigie."

Kwanini nje? Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu ikapotelea darini, inashuka chini na kukaa sakafuni na kwenye kona. Jiko la mkaa lililo chini upande wa pili wa chumba linaweza kuiwasha. Na swichi ya taa inatoa cheche ndogo. Yenyewe gesi haina harufu, ile tunayoisikia imewekwa makusudi ili tushtuke. Lakini pua ikikaa nayo muda inazoea. Kwa hiyo mteja akisema "sasa hivi haisikiki tena" na bado yuko ndani, hiyo siyo habari njema.

Harufu ilipoisha kabisa, tukapima kwa maji ya sabuni, mchana, milango wazi, hakuna moto wowote karibu. Kiberiti hakipimi uvujaji, kinaulipua. Nusu glasi ya maji na vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji ya vyombo vinatosha. Koroga polepole. Ukikoroga kwa fujo utapata povu kabla hujapaka, na hutajua lipi limeletwa na gesi. Unachotafuta ni povu linalozaliwa na kukua pale pale ulipopaka. Povu lililokaa tu bila kuongezeka ni sabuni.

Kuna mpangilio wake. Kwanza toa regulata, paka maji ya sabuni kwenye mdomo wa mtungi peke yake. Pakiwa kimya, pafute, rudisha regulata, hakikisha vifundo vyote vya jiko vimefungwa, halafu fungua gesi. Mpira sasa umejaa gesi na haina pa kutokea. Paka pale regulata inapokaa kwenye mtungi, kisha mpira unapoingia kwenye regulata, kisha mpira wote ukiukunja taratibu, mwisho unapoingia kwenye jiko. Kila sehemu itazame kama nusu dakika, maana uvujaji mdogo hauna haraka. Ukimaliza, funga gesi. Na mtungi ukiwa umeisha usipime, hautakuonyesha kitu.

Kwa yule mama, mtungi ulikuwa kimya, regulata kimya, mpira wenyewe kimya. Mapovu yakatoka upande wa jiko, chini ya klipu, sehemu moja tu. Nikamwomba afunge gesi, alegeze klipu, anitumie picha wasapu. Ndo nikaona: mdomo wa jiko lake ulikuwa mwembamba kuliko tundu la mpira. Klipu ilipobana, mpira haukuwa na cha kushika, ukajikunja. Lile kunjo likawa mfereji mdogo wa gesi kutoka ndani kuja nje. Kila alipokaza, kunjo lilizidi, na meno ya klipu yakaanza kuula mpira. Angekaza mwezi mzima, ingenuka mwezi mzima.

Hapo nikamwambia, "Mama, hapa tunaishia. Leo usiiwashe." Bodaboda akapeleka mpira wenye tundu dogo na klipu mpya, akarudi na ule wa kwanza. Mama akapaka sabuni tena, akasubiri, hakuna povu, akapika.

Sasa najua mtu atasema: faida ya mpira mmoja haifiki elfu tano, ukilipa bodaboda Kibaha mpaka Kisarawe umekula hasara. Ni kweli, ile oda ilinila. Ila hasara yenyewe inazuilika kabla ya kutuma. Siku hizi siuzi mpira bila picha mbili: mdomo wa regulata na mdomo wa jiko, rula ikiwa pembeni. Kuna midomo ya milimita 8 na kuna minene zaidi, na mpira lazima uingie kwa kubana kabla hata ya klipu. Ukiingia kwa kuteleza, huo siyo wake.

Kuhusu wapi pa kuishia, mimi nafuata hivi. Mapovu yakitoka kwenye kiungo cha mpira, funga gesi, kaza klipu kwa bisibisi mara moja mpaka ishike vizuri, pima tena. Yakirudi, mpira unatoka. Yakitoka kwenye mwili wa mpira, hakuna kukaza wala kufunga selotepu, supa gluu au kipande cha tyubu ya baiskeli. Unatupwa. Na usimbadilishie kwa mpira wa maji, ule haukutengenezwa kwa gesi, unakakamaa na kupasuka.

Yakitoka kati ya regulata na mtungi, funga, itoe, tazama kama kuna mchanga au kama ule mpira mdogo mweusi ndani ya mdomo wa mtungi umekatika. Rudisha regulata mara moja, pima. Yakiendelea, mtungi unarudi kwa wakala. Usichokonoe kwa kisu.

Na mapovu yakitoka kwenye mtungi wakati regulata imetolewa, hapo wewe muuza mpira huna kazi tena, wala mteja. Kama unabebeka salama, utolewe nje ukiwa umesimama wima, mahali pa wazi mbali na moto, kifuniko chake kirudishwe, wakala aitwe. Kama gesi inatoka kwa kelele au nyumba imejaa harufu, watu watoke wote na wapige 114, zimamoto. Mtungi uachwe.

Watu wengi wa kwetu wanahama sasa kutoka mkaa, na Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Wengi wao mpira wa kwanza wataununua kwa sisi wa mtandaoni, siyo kwa fundi. Hatupo jikoni kwao kunusa. Tulichonacho ni meseji, kwa hiyo meseji iwe sahihi.

Wewe unayeuza mipira, mteja akikuandikia "inanuka" huwa unamjibu nini? Andika hapo chini tuone.