Malaria kali haipimwi kwa idadi ya plasi

Mhariri,

Bima nyingi za afya ambazo waajiri huwakatia wafanyakazi wao zina mafungu mawili: la matibabu ya nje, ambalo ni dogo na huisha mapema, na la kulazwa, ambalo ni kubwa mara kadhaa. Malaria ndiyo inayogombaniwa kati ya mafungu hayo. Ikiwa ya kawaida, mgonjwa hupewa dawa mseto, dozi sita kwa siku tatu, akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ikiwa kali, hutibiwa kwa sindano na hulazwa. Tofauti hiyo ni ya kitabibu, na Shirika la Afya Duniani limeiandikia vigezo vinavyojulikana. Lakini madai yanapofika mezani kwa kampuni ya bima, mara nyingi vigezo hivyo huwekwa kando, na badala yake huulizwa swali jepesi: kipimo cha damu kilionyesha plasi ngapi?

Mfano mmoja kutoka Kanda ya Ziwa unatosha kuonyesha mahali jambo hili linapoharibikia. Mtoto wa miaka minne, mwenye uzito wa kilo 14, alifikishwa hospitalini saa nane mchana akiwa na homa ya siku ya pili. Alikuwa ameshatapika dawa aliyopewa asubuhi, na akikalishwa kitandani alianguka upande kama hana mifupa. Kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa chanya. Maabara ilihesabu vimelea 60 dhidi ya chembe nyeupe 200, sawa na vimelea 2,400 katika mikrolita moja ya damu. Wingi wa damu ulikuwa 6.8. Muuguzi alimchoma kidole na kupima sukari kwa glukomita palepale kitandani: 1.8. Alimpa maji ya sukari mshipani, kisha sindano ya kwanza ya atesuneti, miligramu 42. Kesho yake jioni mtoto alikuwa anakula uji na kumsumbua mama yake, akaruhusiwa na vidonge vya kumalizia nyumbani.

Wiki chache baadaye bima ilikataa kulipa gharama za wodini. Sababu zilikuwa tatu: vimelea ni wachache, damu haijashuka kufikia kiwango cha hatari, na mtoto alipona ndani ya siku moja, kwa hiyo angeweza kutibiwa kama mgonjwa wa nje. Baba alilipa mwenyewe.

Sababu ya kwanza ndiyo dhaifu kuliko zote. Kimelea aina ya falsiparumu huishi ndani ya chembe nyekundu kwa takribani saa 48. Katika nusu ya pili ya muda huo chembe iliyombeba hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo, figo na viungo vingine, na haizunguki tena. Damu ya kidoleni huonyesha wale wachanga tu wanaozunguka. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuwa na vimelea wachache kwenye kioo huku wengi wakiwa wamejificha kichwani mwake. Kinyume chake pia hutokea: mtu mzima aliyekulia kwenye malaria nyingi anaweza kuwa na vimelea maelfu kwa maelfu na bado akaenda shambani.

Plasi zenyewe ni kipimo butu. Mtaalamu wa maabara akiona vimelea kati ya mmoja na 10 katika kila eneo la kuangalia kwa hadubini, huandika plasi tatu. Wakizidi 10, huandika plasi nne, na ngazi imeishia hapo. Mwenye vimelea 8,000 na mwenye 500,000 wote huandikiwa plasi nne. Sasa kigezo cha wingi wa vimelea kinachokubalika kuwa ushahidi wa ukali ni kuwa zaidi ya asilimia 10 ya chembe nyekundu zimeshambuliwa, kiasi kinachokaribia hao 500,000. Hakuna idadi ya plasi inayoweza kukithibitisha. Kinahitaji kioo chembamba na mtu wa kukaa ahesabu. Kipimo cha haraka nacho husema ndiyo au hapana tu, na kwa kuwa vile vinavyotumika zaidi hutafuta protini ya kimelea, kinaweza kuendelea kusema ndiyo kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona.

Ukali wa malaria huthibitishwa na hali ya mgonjwa pamoja na vipimo vichache, na kigezo kimoja tu kinatosha iwapo vimelea wameonekana na hakuna sababu nyingine ya hali hiyo. Baadhi ya vigezo havihitaji maabara kabisa. Mgonjwa hajitambui; amepata degedege zaidi ya mara mbili ndani ya saa 24; au amelegea hadi hawezi kukaa bila kushikiliwa. Vingine ni vya namba. Sukari iko chini ya 2.2. Wingi wa damu ni 5 au chini yake kwa mtoto, au chini ya 7 kwa mtu mzima. Kreatinini imepanda kupita mikromoli 265, dalili kwamba figo zimeelemewa. Vipo vingine, kama damu kuwa na asidi nyingi, maji kwenye mapafu na mshtuko, lakini hivyo vilivyotajwa ndivyo ambavyo hospitali ya wilaya inaweza kuvipima au kuviona usiku wowote.

Kwa vigezo hivyo, mtoto wa mfano wetu alikuwa na malaria kali mara mbili: alishindwa kukaa, na sukari yake ilikuwa 1.8. Wingi wa damu wa 6.8 haukufika kiwango cha hatari, ni kweli, lakini haukuhitajika kufika. Bima ilichukua kigezo ambacho hakikutimia ikakitumia kufuta viwili vilivyotimia.

Sababu ya tatu, ya kupona haraka, inahitaji kujibiwa kwa saa. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 za atesuneti kwa kila kilo. Mwenye uzito huo na kuendelea hupewa 2.4. Sindano hutolewa mwanzoni, baada ya saa 12 na baada ya saa 24, na hata mgonjwa akizinduka mapema, zote tatu ni lazima kabla ya kuhamia kwenye vidonge. Kwa mtoto aliyeanza saa nane mchana, sindano ya pili ni saa nane usiku na ya tatu ni saa nane mchana wa kesho. Anayesema angeweza kutibiwa kama mgonjwa wa nje aeleze ni nani angemchoma saa nane za usiku, na nani angempima sukari ikishuka tena alfajiri. Kupona ndani ya siku moja ni kazi ya dawa. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi tisa za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa atesuneti hupunguza vifo vya watoto wenye malaria kali kwa zaidi ya moja ya tano ikilinganishwa na kwinini. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto. Mafanikio hayo yasigeuzwe kuwa ushahidi kwamba ugonjwa ulikuwa mdogo.

Hata hivyo lawama zote haziwezi kutupiwa bima. Kuna vituo vinavyomtundikia dripu mtu mwenye malaria ya kawaida, aliyekuja kwa miguu yake, kwa sababu tu fungu lake la nje limekwisha na la kulazwa limejaa. Mkaguzi wa bima aliyekutana na mafaili kama hayo mara nyingi ana haki ya kuwa na shaka.

Hospitali nazo huandika vibaya. Katika mfano huu sukari ya 1.8 haikuwa kwenye karatasi ya maabara, kwa kuwa ilipimwa kitandani. Ilikuwa kwenye chati ya muuguzi, na chati haikuambatishwa kwenye madai. Kulegea kwa mtoto kuliandikwa kwa maneno mawili, “hali mbaya”, maneno yasiyopimika. Kisha fomu ikajazwa msimbo B54, yaani malaria isiyobainishwa, ilhali malaria kali ya falsiparumu isiyo ya ubongo ina msimbo wake, B50.8, na ile ya ubongo ni B50.0. Kompyuta ya bima ikisoma B54 pamoja na siku ya kitanda, haina namna ya kujua kwamba mtoto alikaribia kufa.

Na ushahidi huu hautafutiki baadaye. Sukari ikishapandishwa haishuki ili ipimwe kwa ajili ya fomu. Kinachopaswa kuandikwa ni hali ya mgonjwa na namba zake kabla ya sindano ya kwanza, pamoja na saa.

Homa ya dengi, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, ina ugomvi unaofanana, ila hapa macho huelekezwa kwenye chembe sahani. Zikiwa chache, bima hukubali; zikiwa za kutosha, hukataa. Lakini hatari ya dengi ni maji ya damu kuvuja nje ya mishipa, na huja homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, wakati ndugu wanashukuru kwamba mgonjwa amepata nafuu. Maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, kutokwa damu kwenye fizi, na asilimia ya chembe nyekundu katika damu kupanda huku chembe sahani zikishuka kwa kasi: hizo ndizo dalili za kumweka mgonjwa chini ya uangalizi wodini, hata kama chembe sahani za leo bado si mbaya. Taifodi ni habari nyingine. Huko kipimo cha Widali hakithibitishi hata ugonjwa wenyewe, sembuse ukali wake.

Kampuni za bima zinaombwa ziandike ndani ya mkataba, kwa Kiswahili, vigezo vya malaria kali zinavyovikubali, na vigezo hivyo viwe vya Shirika la Afya Duniani, dalili za kitandani zikiwemo. Hospitali ziambatishe chati ya muuguzi kwenye kila dai la malaria ya kulazwa na zijaze msimbo sahihi. Mzazi aliyekataliwa madai asiishie kulalamika kaunta: aombe nakala ya chati ya siku ya kwanza, atafute sukari, wingi wa damu na maelezo ya fahamu ya mtoto, kisha akate rufaa kwa maandishi akiwa na karatasi hiyo mkononi.

Msomaji,
Mwanza