Kila Kitone Kihesabiwe: Kusoma Vipimo vya Visima Katika Ukanda wa Dhahabu

Dhahabu ya Geita na Kahama haikukaa peke yake ndani ya mwamba. Imefuatana na madini yenye salfa, na baadhi ya madini hayo, kama arsenopairaiti, hubeba arseniki. Mwamba unapomomonyoka, au unapopasuliwa na kuachwa wazi kwa hewa na mvua, sehemu ya arseniki hiyo huweza kuingia katika maji ya ardhini. Watafiti waliochunguza visima vya ukanda wa dhahabu wa Ziwa Victoria wamekuta baadhi yake vikizidi kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1993, yaani mikrogramu 10 kwa kila lita ya maji. Arseniki haina rangi, harufu wala ladha inapokuwa ndani ya maji, na kuchemsha hakuiondoi. Mtu akiinywa kwa miaka mingi huweza kupata madoa na ugumu wa ngozi, na hata saratani ya ngozi, ya mapafu au ya kibofu cha mkojo.

Maji ya bomba kutoka Ziwa Victoria yalifika miji ya Shinyanga na Kahama mwishoni mwa miaka ya 2000, lakini vijiji vingi vya mikoa hii bado vinategemea visima na pampu za mkono. Kwa hiyo kupima visima ni kazi ya lazima, na katika kazi hiyo kuna jambo dogo la hesabu ambalo likikosewa huweza kuupotosha uamuzi wa kijiji kizima. Jambo hilo ni namna ya kuusoma mtawanyo wa vipimo katika picha ya chati ya vitone.

Kwanza yafaa kueleza kwa nini vipimo hivyo hujirudia. Kifaa kinachotumika kijijini hakitoi namba yoyote ile. Mpimaji huchanganya maji na asidi pamoja na unga wa zinki. Arseniki iliyomo hugeuka gesi iitwayo arsini, nayo hupanda na kugusa karatasi iliyopakwa bromidi ya zebaki. Karatasi hubadilika kuwa ya manjano, kisha kahawia, kadiri arseniki inavyozidi. Mpimaji huilinganisha rangi hiyo na kadi yenye hatua chache, kwa mfano 0, 10, 25, 50, 100 na 250. Kadi ikiwa na hatua sita, visima ishirini haviwezi kutoa majibu ishirini tofauti. Hapana budi vingi viangukie hatua moja.

Chati ya vitone huyaonyesha hayo vizuri. Chini huchorwa mstari wenye namba za kadi, na juu ya kila namba huwekwa kitone kimoja kwa kila kisima kilichotoa jibu hilo. Kisima cha pili chenye jibu lile lile hupata kitone chake juu ya cha kwanza, na hivyo marundo hujengeka. Mara nyingi chati kama hii huchorwa kwa mkono kwenye karatasi kubwa ili wanakijiji waione, kisha hupigwa picha kwa simu na kutumwa wilayani. Anayeipokea hana daftari la mpimaji. Ana picha tu.

Tuchukue mfano wa visima 22. Namba hizi zimetungwa kwa ajili ya maelezo, wala hazikupimwa katika kijiji chochote. Juu ya 0 kuna vitone 7, juu ya 10 kuna 6, juu ya 25 kuna 4, juu ya 50 kuna 3, juu ya 100 kimoja, na juu ya 250 kimoja. Msomaji mwangalifu huanza kwa kuyajumlisha marundo: 7, kisha 13, 17, 20, 21 na 22. Jumla ya mwisho lazima ilingane na idadi ya visima vilivyopimwa.

Wigo hupatikana upesi. Ni thamani kubwa kuliko zote kuondoa iliyo ndogo kuliko zote: 250 kuondoa 0, yaani 250. Wigo wa robo unahitaji hatua moja zaidi. Vitone 22 hugawanywa katika nusu mbili za vitone 11. Katikati ya nusu ya chini ni kitone cha 6, nacho kimo katika rundo la 0. Hiyo ndiyo robo ya kwanza. Katikati ya nusu ya juu ni kitone cha 17, na kwa kuwa jumla ya marundo hufika 17 penye 25, robo ya tatu ni 25. Wigo wa robo ni 25 kuondoa 0, yaani 25. Maana yake ni kwamba ile nusu ya visima iliyo katikati ya orodha imo kati ya 0 na 25, ingawa kisima kimoja kimefika 250.

Kosa linalotokea zaidi ni la kusoma namba za mstari badala ya vitone. Mtu huandika 0, 10, 25, 50, 100, 250, akaona ana thamani sita, akazigawa tatu kwa tatu. Robo yake ya kwanza inakuwa 10, ya tatu 100, na wigo wa robo 90. Kijiji ambacho sehemu yake ya kati imetawanyika kwa 25 kinaonekana kimetawanyika zaidi ya mara tatu ya hapo. Ubaya wa kosa hili ni kwamba wigo wa kawaida hauwezi kulifichua, kwa maana ni 250 kwa njia zote mbili. Wigo haujali marudio. Wigo wa robo umejengwa juu ya marudio.

Picha yenyewe huleta makosa ya namna mbili, na tofauti yake ndiyo sababu ya kutaka hesabu zote mbili ziandikwe pamoja. Namna ya kwanza ni picha iliyokatwa ukingoni. Tuseme kitone cha 250 kimebaki nje ya picha. Vitone vinakuwa 21. Kitone cha 11 ndicho cha katikati, nacho huwekwa kando, na kila nusu hubaki na vitone 10. Katikati ya nusu ya chini ni kati ya kitone cha 5 na cha 6, vyote 0. Katikati ya nusu ya juu ni kati ya kitone cha 16 na cha 17, vyote 25. Wigo wa robo umebaki 25 vile vile, lakini wigo umeanguka kutoka 250 hadi 100. Kisima kilicho kibaya kuliko vyote kimetoweka, na wigo wa robo haukutikisika hata kidogo.

Namna ya pili ni vitone kufunikana ndani ya rundo refu. Tuseme picha ilipigwa kwa kuinamia, na katika rundo la 0 vitone viwili vimeonekana kama kimoja. Hesabu inakuwa 6, 12, 16, 19, 20 na 21. Robo ya kwanza bado ni 0. Lakini sasa kitone cha 16 ni 25 na cha 17 ni 50, na robo ya tatu inakuwa nusu ya jumla yao, yaani 37.5. Kosa limefanyika upande wa kushoto, lakini kilichohama ni robo ya upande wa kulia. Hapa wigo haukubadilika, na wigo wa robo ndio ulioharibika.

Katika mfano huo wa mwisho kuna jambo jingine. Wako wanaokiingiza kitone cha katikati katika nusu zote mbili badala ya kukiweka kando. Wakifanya hivyo kwa vitone hivi 21, kila nusu ina vitone 11, robo ya tatu inakuwa kitone cha 16, na jibu ni 25, si 37.5. Njia zote mbili hufundishwa, na hakuna iliyo haramu. Lililo haramu ni kulinganisha kijiji kilichohesabiwa kwa njia moja na kijiji kilichohesabiwa kwa nyingine. Kwa hiyo njia iliyotumika itajwe.

Tahadhari ya mwisho kuhusu picha ni rula. Mchoraji huziweka namba za kadi kwa nafasi zilizo sawa, ingawa kutoka 0 hadi 10 ni hatua ya kumi tu na kutoka 100 hadi 250 ni hatua ya mia na hamsini. Anayepima umbali kwenye picha ili akadirie wigo atapata namba isiyo na maana. Zisomwe namba zilizoandikwa chini ya marundo.

Yapo maoni kwamba kwa kuwa wigo huyumbishwa na kisima kimoja tu, afadhali uachwe na ripoti zitoe wigo wa robo peke yake. Kwa urefu wa mahindi au uzito wa mbuzi huenda maoni hayo yakavumilika. Kwa maji ya kunywa hayafai. Kitone kilicho mbali peke yake si dosari ya kufutwa; ni kisima chenye foleni ya ndoo kila asubuhi. Jibu lake la rangi lisitupwe wala lisiaminiwe papo hapo, bali maji yake yapelekwe maabara, na wakati wa kungoja watu wachote kwingine. Wala wigo mdogo wa robo usitangazwe kuwa ni usalama: katika mfano wetu vitone 9 kati ya 22 vimezidi 10. Hata rundo la 0 lina mipaka yake, kwa sababu 0 ya kadi maana yake ni kwamba rangi haikuonekana, si kwamba arseniki haimo kabisa.

Basi mtindo wa ripoti unaostahili kufuatwa si mgumu. Mpimaji aandike idadi ya visima juu ya chati kabla ya kuipiga picha, na juu ya kila rundo aandike hesabu ya vitone vyake. Picha ipigwe kwa kuikabili karatasi moja kwa moja, pembe zote nne zikionekana. Mpokeaji ajumlishe marundo, na jumla isipolingana na idadi iliyoandikwa, asiendelee na hesabu. Aombe picha nyingine. Ikilingana, aandike wigo, wigo wa robo, njia aliyoitumia na idadi ya visima vilivyozidi 10. Kazi hiyo haihitaji zaidi ya penseli na robo saa, nayo humwezesha mtu aliye mbali na kijiji kujua ni kisima kipi kifungwe leo na ni visima vingapi vipimwe upya.