Mwenzangu Ataongezea

Ipo sentensi moja ambayo huyapotezea makundi yetu ya utetezi muda mwingi kuliko hotuba yoyote ndefu. Ni ile isemayo: “Sina mengi, mwenzangu ataongezea.” Nimeisikia katika kumbi za mikutano za Kivukoni na katika semina za wanafunzi wangu. Msemaji anayeitamka hudhani anaonyesha unyenyekevu. Kwa kweli anakiri kwamba kundi lake halikupanga nani anasema nini. Mwenzake naye atasimama, atasema “kama alivyosema mwenzangu”, kisha atarudia yaleyale kwa maneno mengine.

Makala hii inahusu mahali hapo tu: ule mshono kati ya msemaji mmoja na anayefuata. Hoja yangu ni kwamba mshono mbaya haupotezi muda kwa usawa. Humpotezea yule aliyewekwa mwisho, na katika jumbe zetu anayewekwa mwisho mara nyingi ni machinga, mama lishe au kijana.

Tutenganishe kwanza mambo mawili. Tarehe 17 Mei 2023, baada ya wafanyabiashara wa Kariakoo kufunga maduka, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliwasikiliza katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Walisimama mmoja baada ya mwingine wakaeleza kero zao, zikiwemo kamatakamata na usajili wa stoo. Katika mkutano wa namna hiyo kurudia si kosa. Kila mtu huzungumza kwa niaba ya duka lake, na kilio kimoja kikitoka vinywani mwa watu kumi, idadi yenyewe ni ushahidi. Hakuna aliyepaswa kumpokea mwenzake.

Mambo hubadilika pale watu hao wanapochagua wawakilishi wanne na kupewa dakika 20 mbele ya kamati, kwa mfano Kamati ya Bunge ya Bajeti inapopokea maoni ya wadau kuhusu Muswada wa Sheria ya Fedha. Hapo marudio hayaongezi uzito wowote, kwa sababu wanne hao wamekuja kama mdomo mmoja. Na wakipingana, mjumbe makini wa kamati atauliza swali moja tu: “Nimsikilize yupi kati yenu?” Baada ya hapo ujumbe hujitetea wenyewe badala ya kutetea hoja iliyowaleta.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wenye mambo ambayo Kariakoo inayajua vizuri. Wajumbe ni wanne: mwagizaji wa bidhaa, mwenye duka la jumla, machinga, na katibu wa umoja wao. Wanataka kueleza kwa nini risiti za kielektroniki zinawashinda wengi. Kwa mazoea yetu, kila mmoja angepewa dakika tano “aeleze upande wake”. Mgawanyo huo unaonekana wa haki, lakini ndio chanzo cha tatizo. Ukigawa muda kwa watu, kila mtu ataanza hadithi tangu mwanzo. Mwagizaji ataanza na bandari, mwenye duka atarudi bandarini, na machinga atakuta tayari zimekwisha dakika 17.

Dawa ni kugawa maswali, kisha kila swali kulitafutia mtu. Mzigo unaingiaje nchini, na nani anabaki na karatasi zake? Hilo ni la mwagizaji. Kukosa karatasi kunamgharimu kiasi gani mwenye duka? Hilo ni la mwenye duka. Nani anakamatwa barabarani wakati kosa lilianzia mbali? Hilo ni la machinga. Tunaomba nini kibadilishwe? Hilo ni la katibu. Kila jibu linazaa swali linalofuata, kwa hiyo mpangilio wenyewe unaunganisha.

Sasa tuone jinsi takwimu zinavyoweza kuugonganisha ujumbe huo hata pale wote wanaposema kweli. Wafanyabiashara wengi wadogo huchangia kontena, na nyaraka za forodha hutoka kwa jina la msafirishaji aliyekusanya mizigo. Tuchukue mwenye duka mwenye bidhaa za shilingi 10,000,000, tukiacha ushuru mwingine kando. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 bandarini ni 1,800,000, naye humrudishia msafirishaji fedha hiyo. Akiuza kwa 11,000,000 kabla ya kodi, kodi ya mauzo ni 1,980,000. Kama angekuwa na karatasi zenye jina lake, angekata ile aliyokwisha kuilipa na kupeleka 180,000 tu. Bila karatasi anadaiwa 1,980,000 yote, na badala ya faida ya milioni moja anabaki na hasara ya 800,000.

Angalia kinachotokea pasipo mpango. Mwagizaji anasema, “Tunalipa milioni moja na laki nane.” Mwenye duka anasema, “Tunalipa karibu milioni mbili.” Katibu anasema, “Tunachopaswa kulipa ni laki moja na themanini.” Wote wako sahihi, lakini kamati imesikia kodi tatu kwa mzigo mmoja. Kwa sababu hiyo kila takwimu iwe na mwenyewe mmoja. Hesabu hii yote ni ya mwenye duka. Mwagizaji aishie kwenye karatasi bila kutaja shilingi, na katibu akiihitaji aseme “ile hasara ya laki nane mliyoelezwa”, bila kuipigia hesabu upya. Ukurasa mmoja wenye takwimu zote na jina la mwenye kila moja uwe mkononi mwa kila mjumbe.

Mgongano wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu si wa maneno tu. Mwagizaji, akitaka kupendeza kamati, anatamka: “Sisi tunatoa risiti siku zote.” Dakika sita baadaye machinga anaeleza kwamba huuziwa mzigo bila risiti. Ujumbe umekwisha hapo. Ukweli mchungu unapaswa kusemwa mapema, na mtu mmoja, tena yule ambaye unamhusu zaidi: “Waheshimiwa, wapo kati yetu wasiotoa risiti, na tumekuja kueleza sababu.” Likishasemwa mwanzoni, linakuwa msingi wa hoja, na wasemaji watatu waliobaki hawalazimiki kulificha wala kulifichua.

Sasa mshono wenyewe. Sentensi ya kukabidhi ina kazi mbili: kutaja kilichothibitishwa na kutaja swali lililobaki. Mwagizaji amalizie hivi: “Kwa hiyo mzigo unafika dukani umelipiwa kodi, lakini karatasi zina jina la mtu mwingine. Je, hilo linamgharimu nini mwenye duka? Mwenzangu atawaonyesha.” Anayepokea asianze na salamu wala “itifaki imezingatiwa”. Salamu zitolewe mara moja, na msemaji wa kwanza, kwa niaba ya wote. Wasemaji wanne wakitumia kila mmoja sekunde 45 kuwataja wakubwa waliopo, dakika tatu zimekwenda, na hizo ndizo dakika za machinga. Anayepokea ajibu swali aliloachiwa: “Linamgharimu zaidi ya faida yake yote.”

Sentensi hizi ziandikwe neno kwa neno, hata kama hotuba nyingine haikuandikwa. Mazoezi nayo yawe ya mishono. Kila mmoja aseme sentensi zake mbili za mwisho, na anayefuata aseme mbili za kwanza. Duru nzima haichukui hata dakika tano, kwa hiyo irudiwe mara kadhaa. Kuna majaribio mawili ya kugundua kasoro. Badilisha mpangilio wa wasemaji: kama hakuna kinachovurugika, hotuba hazijaunganishwa. Kisha mwondoe mmoja wao: kama hakuna kinachopungua, huyo alikuwa anarudia.

Kuhusu muda, usigawe dakika zote 20. Mwagizaji apewe tano, mwenye duka nne, machinga nne, katibu tatu. Nne zinazobaki ni akiba na maswali. Msemaji akizidisha, anakatwa kwenye maelezo yake mwenyewe na anarukia sentensi yake ya kukabidhi. Asile muda wa anayefuata. Maswali nayo yana mgawanyo uleule: mwenye takwimu ndiye anayejibu kuhusu takwimu. Wawili wakijibu swali moja, mgongano mlioukwepa kwenye hotuba utarudi kwa mlango wa nyuma.

Najua pingamizi la wanaharakati. Wataniambia kwamba kupanga hivi ni kuwafunga watu midomo, na kwamba sauti ya machinga ikipitia mpango wa katibu inakuwa ya katibu. Pingamizi hili lina uzito, kwa sababu maslahi ndani ya ujumbe hayafanani. Machinga walipoondolewa kandokando ya barabara za Dar es Salaam mwaka 2021, wapo wenye maduka walioona nafuu kwa kuwa milango yao ilikuwa imezibwa. Mpango wa kupokezana hauwezi kufuta tofauti ya namna hiyo, na haupaswi kuificha. Pale wasipokubaliana, mmoja aliyeteuliwa aseme wazi: “Kuhusu maeneo ya machinga, ujumbe wetu una misimamo miwili, na hii ndiyo.” Tofauti iliyotangazwa inaheshimiwa. Iliyofumwa na kamati inaangusha ujumbe mzima.

Lakini kwa sehemu iliyobaki ya pingamizi hilo, naona kinyume. Pasipo mpango, machinga hasemi kwa uhuru. Anapewa dakika moja na kuambiwa afupishe kwa kuwa “mengi yameshasemwa”. Anayemkata ana kisingizio, kwani ni kweli mengi yameshasemwa, tena na watu wasiohusika nayo. Katika mgawanyo wa maswali, kukamatwa barabarani hakukutajwa na mwagizaji wala mwenye duka. Kamati ikimruka machinga, hoja ya ujumbe inabaki na pengo ambalo kila mtu analiona, na hata ombi la katibu linakosa mguu wa kusimamia. Kinachomlinda si huruma ya mwenyekiti wa kikao. Anacho kitu ambacho wenzake wameahidi kutokisema.

Kwa hiyo wanaoandaa jumbe, wa mitaani na wa maofisini, waanze na neno “ataongezea”. Likitokea kwenye mazoezi, msimamisheni msemaji na mwulizeni: mwenzako anaongeza nini hasa? Akiweza kujibu kwa sentensi moja, hiyo ndiyo sentensi yake ya kukabidhi. Akishindwa, mgawanyo wenu bado haujakamilika.