Uchunguzi wa Maiti na Wajibu wa Dola wa Kulinda Uhai

Ibara ya 14 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata hifadhi ya maisha yake. Wengi huisoma ibara hii kama katazo tu: dola isiue. Lakini haki hii ina upande wa pili. Mtu akifa katika mazingira yenye mashaka, dola inawajibika kutafuta aliyemuua na jinsi alivyokufa, hata kama hakuna ndugu aliyelalamika. Makala haya yanahoji kwamba wajibu huo hutimizwa au huvunjwa kwanza hospitalini, kabla shauri halijafika mahakamani.

Tuchukue kifo cha Ali Mohamed Kibao, mjumbe wa sekretarieti ya CHADEMA. Jioni ya tarehe 6 Septemba 2024 watu wenye silaha walimshusha kutoka kwenye basi lililokuwa likielekea Tanga, eneo la Tegeta, Dar es Salaam. Mwili wake ulipatikana Ununio. Uchunguzi wa maiti ulifanyika mbele ya mawakili wa chama chake, na Freeman Mbowe, mwenyekiti wa chama wakati huo, akaeleza kwamba marehemu alipigwa sana na kumwagiwa tindikali usoni. Rais Samia Suluhu Hassan alilaani mauaji hayo na kuagiza vyombo vya uchunguzi vimpe taarifa ya kina.

Daktari aliyeitwa kwenye meza ya namna hiyo anatakiwa kufanya nini? Mwongozo unaokubalika ni Itifaki ya Minesota ya Umoja wa Mataifa, iliyorekebishwa mwaka 2016. Mwili hupigwa picha ukiwa bado na nguo, kila picha ikiwa na namba na kipimo cha urefu, kisha hupigwa eksirei kabla ya kupasuliwa. Nguo hazifuliwi wala hazitupwi. Hukaushwa na kutunzwa.

Kipigo kina alama zake. Fimbo au rungu huacha mistari miwili sambamba yenye weupe katikati. Kamba au pingu huacha duara kwenye vifundo vya mikono. Kwenye ngozi nyeusi, hata hivyo, damu iliyovilia huweza isionekane kabisa kwa nje. Daktari anayeishia kutazama ngozi ataandika kwamba hakuna jeraha, ilhali chini yake misuli imevia. Kwa hiyo mgongo, makalio, mapaja na nyayo hupasuliwa tabaka kwa tabaka.

Vivyo hivyo kwa tindikali. Ngozi ya maiti iliyokaa joto au majini huchunika na kubadilika rangi, ikafanana na iliyoungua. Sampuli ya jeraha hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na kipande cha ngozi hutazamwa kwa hadubini. Chembe za uvimbe zikionekana, marehemu alikuwa hai alipounguzwa. Zisipoonekana, huenda aliunguzwa baada ya kufa, au alikufa mapema mno mwili usipate muda wa kuitikia. Tofauti hiyo yaweza kutenganisha mateso na jitihada ya kuficha sura.

Ugumu mkubwa ni wa kitaasisi. Kwa kawaida polisi ndio huomba uchunguzi wa maiti na ndio hupokea taarifa yake. Utaratibu huo unatosha katika ajali ya barabarani. Hautoshi pale ambapo waliomchukua marehemu wanashukiwa kuwa watumishi wa dola, au kutenda kwa ridhaa yao, na dola inakana kumshikilia; huko ndiko kutoweshwa kwa nguvu. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, inaweka uchunguzi wa korona kwa vifo vya namna hii. Katika kesi zinazowagusa polisi, njia hiyo inapaswa kuwa ya lazima, na familia ipewe nafasi ya kuwakilishwa na kupata nakala ya taarifa.

Wajibu huu haungoji maiti. Tarehe 7 Septemba 2017 Tundu Lissu alipigwa risasi hapa Dodoma, akapata huduma ya kwanza katika hospitali ya mkoa, kisha akasafirishwa Nairobi. Aliokoka, lakini jaribio la kuua nalo hudai uchunguzi uleule, na hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani. Risasi itolewayo mwilini na shati lililotobolewa ni ushahidi. Vifungwe, viandikwe namba na vikabidhiwe kwa saini.

Anayejaza fomu ya PF3 au cheti cha kifo aeleze alichokiona: ukubwa wa jeraha, mahali lilipo, rangi yake. Neno "kusimama kwa moyo" halielezi chochote, maana kila afaye moyo wake husimama. Na ndugu wa marehemu wasiharakishe maziko, wala wasikubali mwili utiwe dawa ya kuhifadhia kabla sampuli za sumu hazijachukuliwa.