Pasi Ikiibwa Ugenini, Hesabu Siku za Kazi

Wapo watumishi wanaodhani kwamba mtu akiibiwa pasi katika nchi ya watu, kazi iliyobaki ni kukimbilia ubalozini, kupewa hati ya dharura ya safari na kupanda ndege. Dhana hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu ile nyingine ndiyo inayowaacha watu viwanjani.

Chukua mfano wa mwalimu aliyepelekwa Beijing kwa mafunzo ya wiki tatu. Jumatatu asubuhi, katika msongamano wa stesheni ya reli, mkoba wake wapasuliwa kwa wembe. Pasi imekwenda, na pamoja nayo viza ya Uchina iliyobandikwa ndani yake. Ndege yake ni Jumamosi. Siku ya Jumatatu yote aipoteza akitafuta na kuulizauliza, kwa matumaini kwamba mwizi atachukua fedha na kuitupa pasi. Jumanne aenda ubalozini, naye aambiwa, kwa haki kabisa, kwamba aanze polisi.

Utaratibu wa Uchina una hatua zake, wala hauruhusu kurukwa. Kwanza ni taarifa katika kituo cha polisi cha mahali wizi ulipotokea. Pili ni idara ya Usalama wa Umma inayosimamia watu kuingia na kutoka nchini, ambayo hutoa cheti cha kuthibitisha kwamba pasi imepotea. Hapo hutakiwa uthibitisho wa mahali mgeni anapoishi. Aliyefikia hotelini ana nafuu, kwa kuwa hoteli huandikisha wageni wake polisi. Aliyefikia kwa rafiki bila ya kujiandikisha katika saa 24 za mwanzo, kama sheria itakavyo, ana kesi ya pili ya kujibu.

Tatu ndiyo ubalozi. Afisa wa ubalozi hana budi kuridhika kwamba aliye mbele yake ni Mtanzania kweli, na sura au lafudhi si ushahidi. Mwenye nakala ya ukurasa wa pasi wenye picha, namba ya kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa humrahisishia afisa kazi. Asiye na lolote husubiri majibu kutoka nyumbani, na tofauti ya saa kati ya Beijing na Dar es Salaam ni saa tano; ofisi za huku zinapofunguliwa, kule ni mchana tayari. Ajabu ni kwamba wengi huwa na nakala, ila wameitia katika mkoba ule ule wenye pasi!

Na tuseme mwalimu huyu amebahatika, akapata hati yake Alhamisi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hati hiyo ni mpya na haina viza, na Uchina haimwachi mgeni atoke kwa karatasi isiyo na kibali. Yampasa arudi katika idara ile ile ya kuingia na kutoka, na kibali hicho chaweza kuchukua hadi siku saba. Jumapili ofisi zimefungwa. Kwa hiyo ndege ya Jumamosi imekwisha kumpita, na busara ingekuwa kubadili tiketi tangu Jumanne, kabla haijahesabiwa kuwa imetupwa.

Tiketi nayo yataka macho. Hati ya dharura ni ya safari moja ya kurudi nyumbani, na kampuni ya ndege hutazama kama nchi ya kupitia inaikubali. Njia ya kuunganisha ndege ndani ya kiwanja kimoja, kwa tiketi moja, ni salama kuliko tiketi mbili za bei nafuu zinazomlazimu msafiri atoke nje na kuingia upya.

Liko jambo moja zaidi, na hili limewaponza hata watu makini. Na tuseme Ijumaa mhudumu wa hoteli aleta pasi iliyookotwa. Furaha hiyo haina faida. Pasi iliyokwisha kutangazwa kuwa imeibiwa hufutwa, na namba yake huweza kuingizwa katika kumbukumbu za Interpol za hati zilizoibwa, ambazo zimekuwapo tangu mwaka 2002 na husomwa na maafisa wa mipaka wa nchi nyingi. Akiionyesha kiwanjani, atatiliwa shaka yeye mwenyewe kama mwizi. Aikabidhi ubalozini, aendelee na hati yake.

Ofisi zinazowatuma watumishi nje zinayo sehemu yake. Jalada la safari huwa na barua ya mwaliko, kibali na hesabu ya posho hadi senti ya mwisho, lakini nakala ya pasi haimo. Karatasi hiyo moja, ikitumwa Beijing na karani wa masijala Jumanne asubuhi, ingempunguzia mwalimu yule siku mbili.